Biti ya zege imenasa sentimita 22 ndani ya ukuta: ilishikwa na nini na ilitokaje

Biti ikinasa kwenye zege watu wengi wanakimbilia kuvuta, wanavuta wee mpaka shina linapinda au drili inakufa, na swali la kwanza hakuna aliyeuliza, yaani kitu gani kimeishika na kimeishika wapi. Nataka nielezee kisa kimoja mwanzo mpaka mwisho maana ndani yake kuna karibu kila kitu kinachoweza kutokea, na jibu lake lilipatikana kwa kupima na kuzungusha kwa mkono kabla ya kutumia nguvu yoyote ya maana.

Kazi yenyewe ilikua Dar, jengo la ghorofa nne, kijana fundi umeme anapitisha waya za sola kutoka kwenye ngazi kuingia kwenye stoo ya ghorofa ya juu. Ukuta wa ngazi ni zege tupu sio tofali, tulipima kwenye dirisha la ngazi tukapata zege sentimita 25 na juu yake plasta ya sentimita moja na nusu upande wetu. Biti ni ya SDS ndogo, ile yenye shina la milimita 10, kipenyo milimita 16, urefu wote sentimita 45, kichwa chake ni kile cha meno mawili tu. Upande wa pili wa ukuta, yaani hiyo stoo, ni ndani ya nyumba ya mpangaji mwingine, kasafiri na funguo kaondoka nazo, kwahiyo ile njia rahisi kuliko zote ya kwenda upande wa pili, kutoboa kukutana nayo na kuigonga irudi, haikuwepo.

Kijana alikua ametoboa vizuri tu, alafu ghafla drili ikampiga mkono, biti ikasimama palepale na mashine ikataka kuzunguka yenyewe. Bahati drili yake ina klachi ya usalama na alikua ameshika mshikio wa pembeni, bila hivyo kiwiko kingeumia vibaya, na hili siongezi chumvi, drili za kupiga zina nguvu ya kumvunja mtu kifundo cha mkono. Baada ya hapo akaweka rivasi, akakandamiza ili ipige, ikalia lakini haikutoka. Akazima akarudia. Jioni msaidizi wake akasema waingize maji yalainishe vumbi, wakamimina, wakaondoka. Asubuhi ndo akanipigia: "Kaka imegoma kabisa, hata kuzunguka haizunguki, nikate na grainda?"

Nikamwambia asikate kwanza, apime kipande kilichobaki nje.

Hiki kipimo ni cha sekunde kumi na kinakwambia mengi sana. Nje zilibaki sentimita 23 pamoja na shina, kwahiyo ndani zipo 22. Sasa fikiria ukuta wa zege unavyosukwa, kawaida unakua na wavu wa nondo upande huu na mwingine upande ule, kila wavu umezama kama sentimita mbili na nusu hivi kutoka kwenye uso wa zege. Ukitoa hiyo na unene wa nondo zenyewe za milimita 12 zilizopishana, wavu wa upande wa pili unaangukia kati ya sentimita 21 na 24 kutoka uso wa plasta yetu. Biti imesimama 22. Wavu wa kwanza aliukwepa bila kujua, wa pili akaugonga.

Ila kina peke yake hakitoshi, ikabidi nimuulize ilivyonasa. Biti inayobanwa na vumbi huwa inatoa taarifa mapema, inaanza kwenda taratibu, vumbi linaacha kutoka mdomoni mwa tundu, biti inachemka mpaka huwezi kuishika, mashine inaguna ndo inakuja kusimama. Inayoshika nondo inasimama ghafla kwa kishindo, na kama ulikua makini ungesikia mlio umebadilika kuwa wa chuma sekunde chache kabla, au ungeona vumbi limekua jeusijeusi lina chembe zinazong'aa. Kijana akasema ilikua inaenda vizuri kabisa alafu tuu ikapiga. Hiyo ni nondo, jino moja limeingia ubavuni mwa nondo likang'ang'ania.

Tatizo ni kwamba kufikia asubuhi haikua nondo peke yake tena. Mifereji ya biti imesukwa ili ikizunguka mbele, yaani kulia, vumbi lipande litoke nje. Ukizungusha rivasi kwa mashine huku unakandamiza, unalirudisha vumbi lote chini na kulishindilia nyuma ya kichwa, na drili ya kupiga haipigi mpaka uikandamize, kwahiyo kila akijaribu alikua anaibana zaidi. Alafu maji. Vumbi la zege ni laini sana, ukilinyeshea kwenye nafasi nyembamba bila pa kutokea linakua tope, na tope likikauka linabana kama udongo wa mfinyanzi uliosahaulika kwenye chungu. Maji yanasaidia pale tu ambapo yanaweza kupita na kubeba vumbi kutoka nje, tundu la kulala lenye mwisho uliozibwa halina njia hiyo. Mafuta ya kulegeza kutu nayo hayafanyi chochote hapa maana hakuna kutu, yanaongeza ute tu na yanachafua zege kiasi kwamba gundi ya nanga au hata mchanga na saruji vinakataa kushika baadae.

Nilipofika drili ilikua bado inaning'inia kwenye biti, na hiyo ilibidi itoke kwanza. Biti ikinasa kwa nguvu ya kuzunguka yale meno ya ndani ya mdomo wa drili yanakandamiza mifereji ya shina, unavuta kola haifunguki na watu wanadhani mashine imeharibika. Dawa yake ni kuchomoa plagi kabisa, kisha kushika mwili wa drili na kuuzungusha kinyume kidogo kwa mkono, nyuzi chache tu, mpaka usikie imelegea, hapo unavuta kola na mashine inatoka bila shida. Usiache drili ikining'inia usiku mzima kwenye biti, uzito wake unapindisha shina.

Baada ya hapo nikabana paipurenchi kwenye mwili wa biti, sio kwenye shina. Narudia hili kwa sababu biti nyingi zinaharibiwa hapa, ukiuma shina kwa vaisgripu au renchi unainua vinyweleo vya chuma kwenye ile mifereji, ukija kuiingiza kwenye mashine baadae inaingia kwa kulazimisha na haitoki tena, umehamisha tatizo kutoka ukutani kwenda kwenye drili. Uma mwili wenye mifereji mikubwa, karibu na ukuta kadiri unavyoweza, maana ukiuma mbali biti inajipinda yenyewe na nguvu haifiki kichwani.

Sasa kuzungusha kwa kupima, sio kwa kutoa. Unasukuma mpini kidogo kulia, alafu kushoto, unasikiliza mkono. Ikiwa ni vumbi tu, utahisi uzito wa mchangamchanga pande zote mbili, inatambaa kidogo na kurudi. Ikiwa ni jino kwenye nondo, upande wa kulia inagonga ukuta mgumu mahali palepale kila mara, upande wa kushoto inaachia. Na kuna hali ya tatu ambayo watu wanaikosa, biti inazunguka vizuri kabisa lakini haitoki, hapo ujue kuna kipande cha kokoto kimeanguka nyuma ya kichwa kikajikabari, na dawa yake ni kurudisha biti ndani kidogo na kuizungusha mbele taratibu mpaka kipande kisagike au kihame, sio kuvuta.

Yetu ilikua inagoma pande zote mbili, ila kulia kulikua na kugonga kwa chuma na kushoto kulikua na ule uzito wa tope. Yaani mambo mawili kwa pamoja, na yanapingana. Kuachia jino inatakiwa kuzungusha kushoto kidogo, lakini tope lililoshindiliwa halikubali biti izunguke hata hicho kidogo. Kwahiyo tope lazima liondoke kwanza, hakuna ujanja.

Tulianza na upepo. Jirani kwenye jengo alikua na kompresa ndogo ya rangi, tukaunga mrija mwembamba wa shaba, ule wa friji, tukaupitisha kwenye mfereji wa biti. Miwani na barakoa ya vumbi lazima, vumbi la zege lina silika na linakaa kwenye mapafu moja kwa moja, usimruhusu mtu asimame mbele ya tundu. Sehemu ya mdomoni ilitoka vizuri, sentimita kama nane hivi, baada ya hapo mrija ukagota kwenye tope lililokauka. Tukakwangua kwa waya mgumu uliopindwa ncha, tukapuliza tena, tukapata kidogo. Kama wasingemwaga maji nina uhakika upepo ungemaliza kazi, maana vumbi kavu hata likishindiliwa linaachia ukilipulizia huku mtu mwingine anatikisa biti.

Hapo ndo ikabidi tutoboe tundu za msaada pembeni, na hii ni kazi ya utulivu. Lengo ni kuipa biti nafasi ya kusogea, na nafasi hiyo inatakiwa iwe upande uliokinyume na nondo. Tulijuaje nondo iko upande gani? Tuliweka pembemraba ukutani tukaangalia biti kwa juu na kwa pembeni. Kwa wima ilikua imenyooka, lakini kwa ulalo kipande cha nje kilikua kimeelekea kulia kidogo, kama milimita tatu kwa urefu uliobaki nje. Kichwa ndani kimesukumwa kushoto. Kitu kilichokisukuma kiko kulia, na kwa kua kimesukuma kwa ulalo peke yake, ni nondo ya wima. Basi tundu za msaada ziwe kushoto.

Biti ya msaada ilikua ya milimita 8, urefu sentimita 31. Ncha yake tukaianzisha milimita 7 kutoka ubavuni mwa biti iliyonasa, hiyo inaacha ukuta mwembamba wa zege wa milimita 3 katikati. Ukisogea karibu zaidi ya hapo biti ndogo inateleza na kuangukia kwenye kubwa, chuma kinasaga chuma na ncha yake inakufa hapohapo, au mbaya zaidi inanasa na yenyewe na sasa una mbili. Ukikaa mbali sana huo ukuta hauvunjiki na tundu halina faida. Tukatoboa mbili, moja kushoto juu kidogo, moja kushoto chini kidogo, sambamba na biti yenyewe na sio sambamba na unavyodhani ukuta umenyooka, mtu mmoja amesimama pembeni anaangalia tu mwelekeo. Kila sentimita tatu au nne biti inatolewa nje kabisa huku inazunguka ili vumbi litoke. Tuliweka tepu kwenye biti alama ya sentimita 20 na hatukupita hapo, kusudi tusiufikie ule wavu wa nyuma.

Niseme kitu hapa, hizi tundu za msaada tuliweza kuzitoboa kwa sababu tundu ni la kupitisha waya, tutalijaza baadae na hakuna mzigo unaolitegemea. Ingekua ni tundu la bolti ya nanga ya geti au la nondo ya kuunganishia boriti nisingekubali, kwa sababu tundu la nanga likishapanuka halishiki tena. Na kwenye nguzo au boriti usianze kabisa kuchimba kwa tindo kufuata biti, achia pale, muulize injinia. Biti ni bei ya biti, nguzo ni nguzo.

Baada ya tundu mbili tukachukua nondo nyembamba ya milimita 6 tuliyoichonga ncha bapa, tukaiingiza na kugonga taratibu kuvunja ule ukuta wa milimita 3. Unasikia unavyokatika, mlio unatoka kwenye mgumu unakua wa kitu kilichopasuka. Tope kavu likaanza kutoka vipandevipande, tukapuliza na kompresa, tukarudia, mpaka upepo ukaanza kutoka kwa uhuru kwenye tundu zote. Sasa nikashika renchi tena. Nikasukuma biti kushoto kwa mkono, yote kwa pamoja iingie kwenye ile nafasi mpya, na nikiwa nimeishikilia hapo nikazungusha mpini kinyume, robo ya mzunguko hata haikufika. Ikalia "ta!" na mpini ukawa mwepesi. Lile jino limeachia nondo.

Watu wengi hapa wanafurahi na kuvuta kwa nguvu moja, na hapo ndo kichwa kinakatika kikabaki ndani, kwa sababu bado kuna vumbi kwenye mifereji na kichwa ni kipana kuliko mwili. Tulifanya hivi: vaisgripu imebanwa sana kwenye mwili, kijana anagonga nyuma ya taya za vaisgripu kwa nyundo kuelekea nje, mapigo mafupi, na mimi nazungusha renchi kinyume kidogokidogo huku anagonga. Kwa mkono na huku unavuta nje, kinyume ni sawa kabisa, biti inajifungua kwenye vumbi lililoganda jinsi bolti inavyojifungua kwenye nati, ni tofauti na rivasi ya mashine ukiwa unakandamiza ndani. Ilipotoka kama sentimita tano vumbi likawa jepesi, nikageuza nikaanza kuzungusha mbele, kulia, ili mifereji ilibebe nje lenyewe. Ukiona inagoma katikati usilazimishe, irudishe ndani sentimita moja, zungusha, vuta tena. Hatukutumia mtaimbo kukabari, lakini ungehitajika ningeweka ubao mpana ukutani kwanza, vinginevyo plasta yote inabanduka.

Ilitoka nzima. Jino moja limemeguka pembeni na juu yake kuna alama inayong'aa ya chuma, na tulipomulika tochi ndani ya tundu tukaona kabisa ubavu wa nondo upande wa kulia umekwaruzwa mkwaruzo mweupe. Biti hiyo nilimwambia kijana aiweke pembeni, sio kwa sababu ilinasa bali kwa sababu ya hilo jino, na nikamuonyesha na kitu kingine: pitisha kucha kutoka mwilini kwenda kichwani, biti nzima unahisi ngazi, kichwa ni kipana kuliko mwili. Yake ilikua imelika, ngazi karibu haipo, maana yake tundu lilikua linabana mwili muda wote na hakuna nafasi ya vumbi kupita. Hata bila nondo ingekuja kunasa tu siku nyingine.

Mwenye nyumba, mzee mmoja muelewa, akauliza kwanini tusimalizie tundu hilohilo maana zimebaki sentimita nne na nusu tu. Nikamwambia, mzee, hapo mbele kuna nondo nusu ya njia, biti yoyote utakayoweka itafuata njia ileile na kuuma palepale, na kukata nondo ya ukuta wa ngazi kwa ajili ya waya wa sola sitakubali. Akaelewa.

Tundu jipya tulilianzisha sentimita 6 upande wa kushoto, nje kabisa ya zile za msaada, kwa ulalo na sio kwa wima, kwa sababu nondo ya wima inaendelea juu na chini na ungehama kwenda juu ungeikuta ileile. Tukatangulia na ile ya milimita 8 mpaka sentimita 24, na ikapita bila kugusa chuma, ndo tukaja na ya 16 mpya, safari hii ya kichwa chenye meno manne. Hizi zina bei zaidi kidogo, ila kichwa kinakaa katikati vizuri na kikigusa ubavu wa nondo hakiingii kwa pembe kali kama cha meno mawili. Kutoa biti nje kila sentimita nne, inazunguka, na mkono haukandamizi, uzito wa mashine na kusukuma kidogo vinatosha. Sentimita chache za mwisho tulisubiri mpangaji arudi ili mtu akae upande wa pili, maana biti ya 16 ikitokea inang'oa plasta ya mwenzako upana wa kiganja.

Tundu la zamani na zile mbili za msaada tulipuliza, tukalowanisha kidogo, tukajaza saruji ile isiyosinyaa, tukaisukuma kwa kijiti mpaka ndani kabisa kabla ya kuziba mdomo. Kwa waya hiyo inatosha. Kama ni nanga, watengenezaji wa nanga kawaida wanataka tundu jipya likae mbali mara mbili ya kina cha lile lililoshindikana, au karibu zaidi ikiwa lile limejazwa kwa saruji yenye nguvu, kwahiyo kwa tundu la sentimita 10 ni sentimita 20, na kama bamba la geti halina nafasi hiyo unahamisha bamba.

Na kama ingegoma kabisa kutoka? Ningechonga kidogo kuizunguka, nikaikata kwa grainda sentimita mbili au tatu ndani ya uso wa ukuta, nikazika na saruji hiyohiyo ili kutu isije ikapasua plasta, nikahamia pembeni. Kipande cha biti ndani ya zege la ukuta wa ndani, pakavu, hakimsumbui mtu.